Ampli ya kwanza njo inaamua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya makelele ndani ya resepta

Haya maswali batu ba hapa Goma na bamoja ba Bukavu bananiuliza kila wiki, sana sana bale benye banajaribu kushika picha za satelaiti za Meteor-M kwenye 1700 MHz na parabole ya kawaida, kable ya televizyo na RTL-SDR, ile resepta ndogo ya kuchomeka kwa USB ya ordinatere. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo. Mfano mkubwa ni moja tu, uko kwenye swali la 6, na majibu mengine yote yanarudi pale.

## Ya mwanzo

1. Namba ya makelele ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Kila kintu chenye umeme unapita ndani kiko na joto, joto inatikisa elektroni, na ule mtikisiko njo ile shhhh unasikia ukifungua redio pahali hakuna stesheni. Antene inakuletea sinyali pamoja na makelele kidogo. Ampli haijui kuchagua, inakuza vyote viwili sawasawa, kisha inaongeza makelele yake yenyewe juu. Kwa hiyo ile nafasi kati ya sinyali na makelele kwenye mlango wa kutoka inakuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kwenye mlango wa kuingia.

Namba ya makelele inapima paka hiyo: nafasi imepungua kiasi gani. Ampli yenye imeandikwa NF 3 dB inapunguza nafasi kwa 3 dB, lakini angalia, hiyo inahesabiwa kama vile makelele ya kuingia inatoka kwenye kintu cha joto ya 290 kelvini, ni kusema karibu digri 17. Weka hiyo 290 kichwani, itarudi kwenye swali la 7.

2. F na NF ni kintu kimoja?

Ni kintu kimoja kimeandikwa namna mbili. F ni mara ngapi, NF ni ile ile kwa desibeli. 1 dB ni mara 1.26, 3 dB ni mara 2, 6 dB ni mara 4, 20 dB ni mara 100. Ndani ya hesabu unatumia mara, hapana desibeli. Karibu kila mutu mwenye ananiandikia "hesabu yako haitoki" ameingiza desibeli ndani ya fomula moja kwa moja, kwa hiyo anza kuangalia pale.

3. Na juu ya nini tete za parabole banaandika mara kelvini, mara dB?

Juu makelele ikiwa ndogo sana, desibeli haisomeki vizuri. Kelvini inasema: ile makelele yenye ampli inaongeza ni sawa na ya kintu chenye joto gani. Njia ya kubadilisha ni hii:

```
T = 290 × (F − 1)
```

Tete ya bendi C yenye imeandikwa 17 K inatoa F ya karibu 1.06, ni kusema robo ya desibeli. Tete za Ku banaziandikia 0.1 au 0.2 dB. Usiamini karatasi ya kubandika sana, lakini kipimo ni kile kile.

## Hesabu yenyewe

4. Ampli zikifuatana, makelele inajumlishwa namna gani?

Fomula ilitoka kwa Harald Friis, Mudenmarki mwenye alifanya kazi kwenye maabara ya Bell kule Amerika, aliichapisha 1944:

```
F = F1 + (F2 − 1)/G1 + (F3 − 1)/(G1 × G2) + ...
```

G ni mara ngapi kila hatua inakuza. Angalia ya kwanza: F1 inaingia nzima nzima, hakuna kintu kinaigawanya. Ya pili inagawanywa na ukuzaji wa ya kwanza, ya tatu inagawanywa na ukuzaji wa mbili za mbele yake. Kama ya kwanza inakuza mara 100, ubaya wa ya pili unakufikia paka sehemu moja kwa mia.

Na maana yake si ya kichawi. Makelele ya ampli ya kwanza inazaliwa wakati sinyali ingali ndogo kabisa, kisha inakuzwa pamoja nayo njia yote, hauwezi tena kuzitenganisha. Makelele ya hatua ya tatu inazaliwa wakati sinyali imeisha kuwa kubwa, kwa hiyo inaikuta sinyali iko mbali juu yake. Makelele ni ile ile, kinachobadilika ni ukubwa wa sinyali wakati zinakutana.

5. Kable haina umeme wake, inaongeza makelele namna gani?

Hili njo swali lenye linachelewesha batu. Kable yenye inapoteza 6 dB inashusha sinyali mara nne. Inashusha pia makelele yenye ilitoka kwenye antene, ndiyo, lakini kable yenyewe iko na joto ya hewa na inatoa makelele yake kujaza pale palipopunguka. Ukiwa na kintu cha 290 K upande mmoja, upande mwingine utapima tena 290 K. Sinyali imeshuka, makelele imebaki pale pale. Njo maana kable, filtre, kiunganishi, kila kintu chenye hakikuzi, kina F sawa na hasara yake: kupoteza 6 dB ni NF ya 6 dB. Na G yake ni chini ya moja, hapa robo, kwa hiyo ndani ya fomula ya Friis, badala ya kugawanya ubaya wa nyuma yake, inauzidisha mara nne.

6. Nipe mfano mzima na namba.

Parabole iko juu ya mabati, ordinatere iko chini chumbani. Kati yao mita 20 za kable RG-6, ile ya televizyo yenye banauza Birere, na pamoja na viunganishi tuseme inapoteza 6 dB kwenye 1700 MHz. RTL-SDR tunaipatia NF ya 6 dB. Ampli iko na NF 1 dB na inakuza 20 dB.

Bila ampli: kable F ni 4, resepta F ni 4, G ya kable ni 0.25.

```
F = 4 + 3/0.25 = 16        NF = 12 dB
```

Unaona, hasara ya kable na NF ya resepta zimejumlishwa tu, 6 na 6.

Ampli chini, karibu ya ordinatere:

```
F = 4 + 0.26/0.25 + 3/(0.25 × 100) = 5.16        NF = 7.1 dB
```

Hapa kable njo imekuwa hatua ya kwanza. Umenunua ampli ya 1 dB lakini 4 ya kable imekaa mbele, hauwezi kushuka chini ya 6 dB hata ununue ampli ya bei gani.

Ampli juu, kwenye antene yenyewe:

```
F = 1.26 + 3/100 + 3/(100 × 0.25) = 1.41        NF = 1.5 dB
```

Vintu ni vile vile, pesa ni ile ile, umebadilisha pahali tu. Kable yote ya mita 20 imechangia 0.03, resepta 0.12. Mimi nilikaa miezi mingi na ampli kwenye meza karibu ya ordinatere, juu nilitaka niione na nisipande juu ya mabati, na picha zilikuwa zinatoka na mistari mieusi tu. Siku nilipandisha ile ampli, bila kugusa kintu kingine, satelaiti ilianza kusomeka ikiwa ingali chini kabisa upande wa Masisi.

7. Kutoka 7.1 mpaka 1.5 ni 5.6 dB. Juu ya nini batu banasema walipata zaidi?

Juu bamepata zaidi kweli. NF inahesabu kama antene inaleta 290 K, lakini parabole yenye inaangalia mbinguni kwenye 1700 MHz inaleta kidogo sana, tuseme 60 K pamoja na ile inavuja kutoka udongoni. Badilisha kwa kelvini: ampli chini ni 1206 K, ampli juu ni 119 K. Ongeza 60 ya antene kila upande: 1266 na 179. Hiyo ni mara 7, ni kusema 8.5 dB.

Kwa hiyo antene ikiwa baridi, kila sehemu ya desibeli kwenye hatua ya kwanza inakuwa na uzito kuliko inavyoonekana. Njo sababu tete za parabole banashindania 0.1 dB.

8. Sitaki kupanda juu. Naweza kununua parabole kubwa badala yake?

Unaweza, hesabu bei. Mara 7 ya nguvu inaomba eneo mara 7, ni kusema upana mara 2.65. Kama uko na ya sentimeta 80, utatafuta ya mita 2 na kitu juu, kwa kupata ile ile yenye ngazi na dakika kumi zinakupatia. Na kwa Meteor-M lazima ufuatilie satelaiti inapotembea, kwa hiyo ya mita 2 mkononi… hapana.

9. Naweza kuhesabu ya kwangu bila kuandika yote kwa mukono?

Hii inatosha. Panga hatua kutoka antene kushuka, kable unaiandikia NF chanya na ukuzaji hasi:

```python
from math import log10

hatua = [(1, 20), (6, -6), (6, 0)]   # (NF, ukuzaji), dB

F, G = 1.0, 1.0
for nf, g in hatua:
    F += (10**(nf/10) - 1) / G
    G *= 10**(g/10)

print(round(10*log10(F), 2))
```

Inatoa 1.48. Weka `(6, -6)` mbele uone inavyoruka.

## Kununua na kufunga

10. Nimepata ampli ya NF ndogo lakini inakuza 10 dB tu. Inafaa?

Kwa kable yangu ya swali la 6, haitoshi. Ya kwanza inagawanya ubaya wa nyuma, na kama inakuza mara 10 tu inagawanya kidogo: 1.26 + 0.3 + 1.2 ni 2.76, NF ya 4.4 dB. Resepta peke yake inaleta 1.2 karibu sawa na ampli nzima. Hatua ya kwanza iko na kazi mbili, kuwa kimya na kukuza ya kutosha kushinda kable na resepta, na ukiangalia paka ile ya kwanza kwenye karatasi utadanganyika.

Kwa kawaida natafuta ukuzaji wenye unapita hasara ya kable na NF ya resepta zikijumlishwa, kwa 8 mpaka 10 dB. Hapa 12 ya hasara na resepta, kwa hiyo 20 inafaa.

11. Basi niweke ampli mbili juu, nipate 40 dB?

Utashuka kutoka 1.5 kufika karibu 1.0 dB, ni kweli, na zaidi ya pale haiwezekani juu 1.26 ya kwanza iko pale pale hata ukiweka kumi. Lakini sasa minara ya simu inafika kwa resepta ikiwa na nguvu ya kuiziba (swali la 14). Mimi sifanyi, isipokuwa kable ni ndefu sana, tuseme nyumba ya etaji nyingi na mita 50.

12. Nikiwa na ampli mbili tofauti, mbele naweka yenye NF ndogo?

Mara nyingi ndiyo, si kila mara. Chukua moja ya F 1.26 yenye inakuza mara 2 tu, na ingine ya F 1.41 yenye inakuza mara 100. Ile "kimya" mbele: 1.26 + 0.41/2 ni 1.465. Ile ingine mbele: 1.41 + 0.26/100 ni 1.413. Yenye inakuza imeshinda. Ukiwa na mashaka, fanya hesabu pande zote mbili, ni mistari miwili.

13. Televizyo yangu ya parabole iko na kable ya mita 40 na picha ni safi. Hiyo haivunji hesabu?

Hapana, inaishikilia. Ile tete iliyo mbele ya parabole ni ampli ya kwanza, iko pale pale sinyali inaangukia, na inakuza karibu 60 dB, mara milioni moja, kisha inashusha frekansi ili kable iweze kubeba. Kable ipoteze 10 au hata 15 dB, ukigawanya kwa milioni hakuna kinachobaki. Umeme wa tete unapanda kutoka dekoda ndani ya kable ile ile, na ampli yetu tunailisha namna hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo pia kile kiampli cha kuweka nyuma ya televizyo hakirudishi picha kama parabole imepotoka au tete imechoka. Kinakuza sinyali na makelele yake pamoja, na nafasi kati yao imeisha kuamuliwa kule juu. Kinasaidia paka kama kable ni ndefu mpaka dekoda haisikii tena kintu.

## Kukagua na mambo yenye inaharibika

14. Niweke filtre mbele ya ampli ao nyuma?

Kila desibeli ya hasara mbele ya ampli ya kwanza unailipa nzima. Filtre ya 1 dB mbele inageuza 1.5 yetu kuwa 2.5. Ile ile filtre nyuma ya ampli hauioni kabisa. Kwa hesabu tu, ingekuwa nyuma siku zote.

Lakini mjini iko mnara wa simu karibu kila kona, na simu za 1800 zinatangaza kuanzia 1805 MHz, karibu sana na 1700 yetu. Ampli ikipokea mnara kwa nguvu inazibwa, haikuzi tena vizuri, na fomula ya Friis haina neno juu ya hiyo, juu inachukulia kila hatua inafanya kazi yake bila kuelemewa. Alama yake: unapunguza ukuzaji wa RTL-SDR na sinyali inakuwa *safi zaidi*, ao stesheni zinajitokeza pahali hazipaswi kuwa. Kama inatokea kwa RTL-SDR peke yake, filtre nyuma ya ampli inatosha. Kama ni ampli yenyewe inazibwa, kubali kupoteza ile 1 dB mbele. Ziko ampli zenye filtre ndani, kati ya hatua mbili, na kwa mjini hizo njo naona zinafaa kuliko zote.

15. Nitajuaje ampli ya juu inatawala kweli?

Kwanza zima AGC, ile inabadilisha ukuzaji peke yake, weka ukuzaji wa RTL-SDR kwenye namba moja isibadilike, bila hiyo kipimo chote ni bure. Kisha soma kiwango cha makelele umeme wa ampli ukiwa umezimwa, uwashe, usome tena. Kwa mfano wetu lazima kipande karibu 9 dB parabole ikiangalia udongo. Ikipanda 1 au 2 tu, ampli haipati umeme wa kutosha ao kable inapoteza kuliko unavyofikiri. Amri ya kwanza hapa inawasha umeme wa ampli kupitia kable, ya pili inapima makelele:

```
rtl_biast -b 1
rtl_power -f 1696M:1698M:10k -g 30 -i 10 -e 1m udongo.csv
```

Njia ya pili ya kukagua ni nzuri zaidi na haiombi kifaa chochote: elekeza parabole mbinguni pahali hakuna satelaiti, pima, kisha iangalishe ukuta ao udongo, pima. Udongo ni karibu 290 K, mbingu ni 60. Na ampli juu unalinganisha 290+119 na 60+119, tofauti 3.6 dB, inaonekana wazi. Na ampli chini ni 0.7 dB. Bila ampli ni 0.2, hauioni. Yaani ukigeuza parabole na makelele haisogei, resepta yako inajisikia yenyewe, haisikii mbingu.

16. Ilikuwa vizuri, baada ya mvua imeharibika. Ampli imekufa?

Angalia kwanza kiunganishi kati ya antene na ampli. Maji kidogo pale yanaleta hasara ya 1 ao 2 dB, na kwa sababu iko mbele ya yote unailipa nzima, tena kwa joto ya 290 K. Kile kile kiunganishi kikilowana chini karibu ya ordinatere hautaona tofauti. Kwa hiyo utepe mzuri wa mpira unauweka kule juu kwanza.

Kama kimekauka na mtihani wa swali la 15 unatoa 0, hapo fikiria radi. Kivu iko kati ya pahali duniani penye radi mingi, na haiombi ipige nyumba yako, ikipiga karibu tu inatosha kuua ile tranzista ya kwanza. Mara nyingine haifi yote: inaendelea kukuza, umeme unapanda kama kawaida, lakini NF imetoka 1 imekwenda 4 ao 5. Hiyo unaishika paka kwa mtihani wa mbingu na udongo, ukiwa umeandika namba za siku ilikuwa mpya.

17. Mimi nashika LRPT, zile picha zingine za Meteor-M, kwenye 137 MHz. Nipandishe ampli pia?

Hakuna haraka hapo. Kwenye 137 MHz ile kable ya mita 20 inapoteza karibu 1.5 dB tu, na antene haiko baridi tena: mbingu yenyewe ina makelele, na mjini kuna jenereta, chaji za simu, taa za LED, inverta za sola. Tuseme antene inaleta 1000 K. Ampli chini inakuwa karibu 238 K, ampli juu 89 K. Jumla ni 1238 na 1089, tofauti ni nusu desibeli. Bila ampli kabisa unapoteza kama 3.3 dB, kwa hiyo ampli inasaidia, ila pahali pake si neno kubwa.

Hapo kazi ya maana ni kuhamisha antene mbali na ile inverta. Zima vifaa vya nyumba kimoja kimoja ukiangalia kiwango cha makelele, na kile chenye kinakishusha kwa 5 dB kitakupatia kuliko ampli yoyote.